Wasifu uliokuja kama picha

Wewe unayeanza kazi ya steshenari, wateja wa wasifu hawatakuletea faili. Faili lilibaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine miaka mitatu iliyopita. Watakutumia picha ya karatasi iliyokunjwa mara nne, imepigwa usiku, kivuli cha simu kikiwa katikati, halafu ujumbe: "Kaka, nifupishie iwe ukurasa mmoja, na maneno yapendeze."

Usianze kupendezesha. Kwanza chapa kila kitu kama kilivyo, na makosa yake, mpaka ukurasa wa mwisho. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nasoma picha huku nikiboresha, na hapo ndipo nilipoharibu. Dada mmoja wa Nkuhungu alikuwa na mkunjo uliopita juu ya mwaka wa kidato cha nne. Nikaona 2018, nikaandika 2018. Chini yake kidato cha sita kilikuwa 2019. Ningetulia kidogo ningejua haiwezekani: anayefanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2016 anaingia cha tano katikati ya 2017, na cha sita anamaliza Mei 2019. Ilikuwa 2016. Kosa aliligundua yeye mwenyewe akiwa kwenye foleni ya usaili, cheti mkononi. Siku hizi tarakimu yoyote iliyoguswa na mkunjo au kivuli naipaka njano, na mwenyewe ananithibitishia akitazama cheti, si kwa kukumbuka. Zinazosumbua zaidi ni 6 na 8, 1 na 7, 3 na 8. Picha ikiwa na ukungu, mwambie apige tena mchana mlangoni, karatasi ikiwa imelazwa, kisha aitume WhatsApp kama faili badala ya picha ya kawaida, maana ya kawaida hubanwa na herufi hufifia.

Ukishachapa, ndipo uje kwenye vitenzi. Dada huyohuyo alikuwa karani kwenye ghala la nafaka Kizota. Aliandika hivi:

"Nilikuwa nahusika na masuala ya mizani, pia nilisaidia katika kulinganisha hesabu za mzigo."

"Kuhusika" halimwonyeshi mtu akifanya kazi. Kishawishi ni kuandika "nilisimamia mizani na hesabu za ghala". Inasikika vizuri, lakini umempandisha cheo ambacho hakuwahi kupewa, na kwenye usaili ataulizwa alisimamia watu wangapi. Nikampigia simu, nikamuuliza mkono wake ulikuwa unafanya nini. Akasema: "Gunia likipanda mimi nasoma uzito, naandika kwenye daftari. Jioni mtunza ghala anapiga hesabu, mimi namsomea zangu." Nikaandika:

"Nilisoma uzito wa mizigo kwenye mizani na kuuandika kwenye daftari. Nilimsomea mtunza ghala takwimu za daftari alipolinganisha hesabu za jioni."

Sikuongeza idadi ya magunia, kwa sababu hakunitajia. "Kusoma" na "kuandika" ni vitenzi vidogo kuliko "kusimamia", ila anayesoma anaiona kazi yenyewe. Mimi naona nguvu ya kitenzi iko hapo, katika kutaja hasa kilichofanyika. Na neno "nilisaidia" usilifute kila unapoliona. Mahali ambapo mtu alisaidia kweli, tafuta tu alisaidia kwa kufanya nini.

Kurasa zake zilikuwa mbili na nusu. Watu hudhani kufupisha ni kufuta, kumbe nafasi nyingi huliwa na mpangilio. Wadhamini watatu, kila mmoja na jina, cheo, anwani na simu kwenye mstari wake, walichukua robo ya ukurasa; nikawapanga safu tatu sambamba kwenye jedwali lisilo na mistari. Shule ya msingi, iliyokuwa na mistari minne, ikawa mmoja. Jukumu moja lililorudiwa kwa maneno matatu tofauti likabaki mara moja. Pambizo nikaweka sentimita 2, herufi saizi 11. Ukilazimika kushuka chini ya 10, wasifu huo acha uwe kurasa mbili, umweleze mteja sababu. Mambo anayopenda nje ya kazi sikuyaondoa mpaka aliponiruhusu, kwa kuwa ni ya kwake.

Kabla ya kuchapisha, weka rula kwenye chapa ya kwanza, shuka mstari kwa mstari, ukitia tiki kila jina, mwaka na namba uliyoikuta kwenye toleo jipya. Jina lifanane na la kwenye cheti herufi kwa herufi; "Mwajuma" na "Mwajuma A." ni tofauti kwa mtu anayekagua nyaraka. Namba za wadhamini mteja azisome kwa sauti kutoka kwenye simu yake, wewe ukifuata kwenye kioo. Dada wa Nkuhungu tulipofika kwa mdhamini wa tatu alinyamaza, akacheka. Namba niliyoichapa ilikuwa sawasawa na ya kwenye picha, ila mdhamini huyo alishabadilisha laini tangu mwaka juzi.