IRR mbili kwa mradi mmoja: hesabu ya shimo letu la moramu

"Wakuu, mradi ni mmoja, namba ni zilezile. Excel yangu inatoa IRR ya asilimia 12, ya mwenzangu inatoa asilimia 60 na ushee. Nani kakosea, na tumwamini nani?"

Mkuu, hakuna aliyekosea kubonyeza. Nina hakika mwishoni mwa safu yenu kuna gharama kubwa, baada ya miaka ya kuingiza. Naijua hali hiyo kwa sababu ilitaka kutuingiza kwenye mkopo wa hasara, mimi na wenzangu wawili hapa Moshi.

Tulipata nafasi ya kuchimba moramu kwenye shamba la kukodi, njia ya Boma Ng'ombe. Mwanzoni tulitakiwa kutoa milioni 100: kodi ya shamba, kuchonga barabara ya malori na malipo ya awali ya eskaveta. Mwaka wa kwanza, baada ya kuondoa mafuta na mishahara, tungebaki na milioni 290. Mwaka wa pili hakuna mauzo, ni kufukia shimo, kurudisha udongo wa juu na kumkabidhi mwenye shamba ardhi inayolimika. Hiyo tuliikadiria milioni 198. Kwenye Excel ilikaa hivi, kwa mamilioni:

```
A1   -100
A2    290
A3   -198
```

Mimi niliandika `=IRR(A1:A3)` nikapata asilimia 10. Mwenzangu akaandika `=IRR(A1:A3,0.7)` akapata asilimia 80. Ile 0.7 ni kisio la kuanzia. Excel haina njia ya mkato ya kupata IRR. Inaanza na kisio, inajaribu, inasogea, mpaka ifike kwenye riba inayofanya thamani ya sasa ya mradi, yaani pesa zote za mbele zikipunguzwa kwa riba hiyo hadi thamani ya leo kisha zikajumlishwa na mtaji, iwe sifuri. Usipoipa kisio, yenyewe inaanzia asilimia 10. Kwetu riba za namna hiyo zilikuwa mbili, na kila mmoja alifika kwenye ile iliyokuwa karibu na alipoanzia. Nadhani ndicho kilichotokea kwenu.

Zinakuwaje mbili? Tazama alama: kutoa, kuingiza, kutoa tena. Zimegeuka mara mbili. Hesabu ya IRR inaweza kuwa na majibu mengi kufikia idadi ya migeuko hiyo. Mradi wa kawaida, unatoa mwanzoni kisha unaingiza mpaka mwisho, una mgeuko mmoja na jibu moja. Katika mradi huo, riba ikipanda thamani inashuka tu. Wetu haukuwa hivyo. Riba ikiwa ndogo, ile milioni 198 ya kufukia inabaki nzito na mradi unaonyesha hasara. Riba ikipanda, deni hilo la mbele linapungua uzito haraka kuliko mapato, mradi unaanza kupendeza. Ikipanda zaidi, mapato nayo yanamezwa na hasara inarudi. Kwetu, kwa asilimia 5 ilikuwa hasi ya milioni 3.4, kwa asilimia 17 ilikuwa faida ya 3.2, kwa asilimia 100, hasi ya 4.5. Katikati imekata sifuri mara mbili, kwenye 10 na kwenye 80.

Na hebu jumlisha zile namba tatu kwa mkono, bila riba yoyote. Unapata hasi 8. Mradi unaotoa pesa nyingi kuliko unazoingiza, lakini unajitangaza kwa asilimia 80! Jumla hiyo ndiyo ningeanza nayo kabla ya kugusa IRR.

Aliyetuamsha ni mama mmoja jirani yetu, mhasibu mstaafu. Hakufungua kompyuta. Alichukua karatasi ya daftari akasema, "Haya wanangu, tembezeni hizo pesa mwaka kwa mwaka." Tuchukue asilimia 80. Milioni 100 mliyoweka, baada ya mwaka iwe imezaa ikafika 180. Mmepokea 290, ondoeni 180 yenu, imebaki 110. Mwaka unaofuata mna bili ya 198. Ili 110 ifike 198 lazima nayo izae asilimia 80, ikiwa imekaa tu inasubiri kufukia shimo. Akatuuliza, "Hiyo 110 mtaiweka wapi hapa Moshi ikazae hivyo?" Tukanyamaza.

Hapo ndipo kiini cha jambo, mkuu. Mwaka wa kwanza pesa zenu ziko ndani ya mradi. Mwaka wa pili ni kinyume: mmeshika pesa ambazo zina mwenyewe, yaani lile shimo. IRR inalazimisha riba moja itumike pande zote mbili, wakati pesa unayokopa na pesa unayoweka havina bei moja.

Basi tukatembeza upya kwa bei za kweli. Mkopo tulioahidiwa ulikuwa wa asilimia 17, na akaunti ya muda maalumu ingetupa 8. Deni la 100 linakuwa 117. Kwenye 290 inabaki 173. Ikikaa mwaka kwa asilimia 8 inafika karibu 186.8. Bili ni 198. Tungepungukiwa milioni 11 na zaidi, na eskaveta ikiwa shambani inadai.

Angalia kwamba hata thamani ya sasa kwa asilimia 17, ile faida ya 3.2 niliyoitaja, ingetudanganya. Nayo inachukulia kwamba ile 173 inazaa 17 ikiwa benki. Wengi wanashauri "achana na IRR, tumia NPV", yaani hiyo thamani ya sasa. Ni ushauri mzuri kwa sehemu kubwa, lakini penye bili kubwa mwishoni bado utembeze pesa mwenyewe kwa riba mbili tofauti. Na ukitumia `NPV`, kumbuka Excel inaihesabu namba ya kwanza kuwa ni ya mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo mtaji wa leo uweke nje:

```
=NPV(0.17,A2:A3)+A1
```

Si kila mgeuko wa pili una madhara. Kama kufukia kungetugharimu milioni 20 tu, jibu la pili lingekuwa huko chini ya hasi 90, halina maana kwa mtu yeyote. Na kama kungefika 215, jibu lisingekuwepo kabisa; Excel ingeandika `#NUM!`. Ukiiona hiyo kwenye safu ya namna hii usihangaike kubadilisha kisio, huenda hakuna cha kupatikana.

Kwetu mradi uliokolewa kwa kubadilisha kazi yenyewe. Tulikubaliana na mwenye shamba tufukie huku tukichimba, kipande kwa kipande. Eskaveta iko pale pale, na udongo wa juu unahamishwa mara moja badala ya mbili. Kufukia kukashuka hadi 165, na kukaangukia mwaka wa kwanza. Safu ikawa hasi 100, kisha 125. Mgeuko mmoja, IRR moja ya asilimia 25, na baada ya kulipa 117 ya mkopo tukabaki na milioni 8. Si nyingi, lakini ni za kweli, na hakuna bili iliyokuwa inatusubiri.

Weka hapa safu yenu nzima, mwaka kwa mwaka, pamoja na riba ya mkopo na ya mahali mtakapohifadhi pesa. Tutaitembeza pamoja.