Kugawanya hisa na gawio la hisa

"Vyote viwili vinaniongezea hisa. Kwa nini mhasibu anaviandika tofauti?"

Ndugu, tofauti iko kwenye vitabu vya kampuni. Chukua hisa 1,000, kila moja ina thamani ya jina 1 na bei ya soko 22. Zikigawanywa mbili kwa moja, zinakuwa 2,000, thamani ya jina inashuka hadi 0.5 na bei inaelekea 11. Salio la akaunti haliguswi.

Gawio la hisa la 10% kwa hisa zilezile 1,000 za mwanzo linaleta hisa 100 zaidi, na bei inatoka 22 kuelekea 20. Kwa kanuni za Marekani, gawio dogo hivi huandikwa kwa bei ya soko: 2,200 zinatoka faida limbikizi, 100 zinaingia mtaji wa hisa, 2,100 ziada ya mtaji. Jumla ya mtaji ni ileile, lakini faida limbikizi, ambako gawio la fedha taslimu hutolewa, imepungua. Hapo ndipo mimi huangalia kwanza.