Nilimshtaki mwanafunzi, na ushahidi ulikuwa kwenye daftari lake

Juzi mwalimu mwenzangu kaniandikia: "Kaka, binti wa Kidato cha Tatu kaleta insha ambayo si yake. Nikiilinganisha na mtihani wake wa Machi itatosha?" Nilicheka kwa uchungu, maana mimi shimo hilo nililitumbukia.

Kijana wangu alileta insha ya hoja yenye sentensi ndefu na maneno mazito. Nikatoa kazi aliyoiandika darasani nikimsimamia, nikaona ni mbingu na ardhi, nikamwita mwongo mbele ya wenzake. Ile ya darasani ilikuwa barua kwa rafiki, kaiandika kwa dakika 40. Ya nyumbani alipewa wiki mbili. Kesho yake mama yake akaja na daftari lenye rasimu tatu. Neno "taathira" limekatwa mara mbili kabla ya kubakizwa. Niliomba radhi mbele ya mkuu wa shule. Yule mama hakusema neno, na bado naliona jicho lake.

Usiku ule nilihesabu upya, safari hii vitu ambavyo mwandishi haviwazii. Msamiati unaokotwa kwenye kamusi, na sentensi hurefuka mtu akipata muda. Lakini anaandika "mtu ambaye alikuja" au "mtu aliyekuja"? "Kwa sababu" au "kwa kuwa"? Katika kazi zake tatu za darasani, maneno kama 600 kwa jumla, "amba-" ilitokea mara 14, na urejeshi wa ndani ya kitenzi mara 2 tu. Insha niliyoitilia shaka ilikuwa na maneno 580: "amba-" mara 13, ule mwingine mara 3. Hata "ata" yake ya kukosa h ilikuwamo. Mkono ule ule, na nilikuwa nao mezani siku zote!

Kwa hiyo, walimu wenzangu, msishike karatasi moja mkaita kipimo. Tafuteni kazi tatu hivi, za aina ileile ya utungaji, na ziwe za karibuni. Insha ya maneno 150 haina cha kuhesabu. Na tofauti mkiiona, ni sababu ya kumuuliza mtoto faraghani, si hukumu. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuhukumu.

Mwenzangu nilimwambia ampe binti karatasi tupu na dakika 40 darasani, aandike hoja juu ya mada ileile. Jana kanijibu. Mtihani wa Machi ulikuwa na "amba-" 11. Insha ya nyumbani haina hata moja, na hii mpya ya darasani nayo haina. Alipomuuliza, binti akasema tangu Aprili anasoma twisheni, na mwalimu wa huko humkata alama kila anapoandika "ambaye".