Kabari ya bei: tazama ilikotoka kabla ya kuuliza inakokwenda

Kijana mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, aliyeanza kujifunza biashara ya fedha za kigeni, aliniletea chati na kuniuliza kama kabari inayopanda ni dalili ya kununua, kwa kuwa mistari yake yote miwili inaelekea juu. Nilimwomba aisogeze chati nyuma ili tuone bei ilikuwa ikifanya nini kabla ya kabari kuanza, kwa sababu umbo peke yake lina nusu tu ya habari.

Katika kabari inayopanda, mstari wa chini unaounganisha mabonde una mwinamo mkali kuliko mstari wa juu unaounganisha vilele, kwa hiyo mistari hiyo inakaribiana. Maana yake ni kwamba wanunuzi bado wanasukuma, lakini kila kilele kipya kinaongeza kidogo tu juu ya kile kilichotangulia. Kwa kawaida umbo hili hutarajiwa kuvunjika kwa chini, iwe limetanguliwa na mteremko au na mpando. Kinachobadilika ni kazi yake: baada ya mteremko, kabari ni pumziko la wauzaji na kuvunjika kwake ni mwendelezo wa safari ya awali; lakini baada ya mpando mrefu, kabari ni uchovu wa wanunuzi na huenda ikawa mwanzo wa mgeuko. Kabari inayoshuka ni kinyume cha hayo yote.

Nichukue mfano wa kubuni wa EUR/USD, yaani bei ya yuro kwa dola, kwenye chati ambayo kila mshumaa unaonyesha mwendo wa bei wa muda wa saa nne. Bei ilishuka kutoka 1.1000 hadi 1.0800, kisha ikaanza kupanda ndani ya kabari. Mabonde yalikuwa 1.0800, 1.0836 na 1.0872, kila moja likiwa mishumaa 12 baada ya lililotangulia, na kilele cha mwisho kilifika 1.0912. Mshumaa wa 31 baada ya bonde la kwanza ukafunga kwenye 1.0880, wakati mstari wa chini ulikuwa umefika 1.0893. Hapo mtu anaweza kuuza, akilenga kwanza 1.0800, mahali kabari ilipoanzia. Kwa kuwa mwelekeo wa nyuma ulikuwa wa kushuka, ni halali kuacha sehemu ya biashara iendelee chini ya hapo. Lakini kama bei ingekuwa imepanda kutoka 1.0600 kabla ya kabari, mimi ningefunga yote kwenye 1.0800, kwa sababu kuvunjika kwa kabari hakutoshi kuthibitisha kwamba mpando mzima umekwisha.

Sasa, wazo hili linabatilika wapi? Nilipoanza, niliweka kikomo cha hasara, yaani bei ambayo biashara hujifunga yenyewe ikienda kinyume, juu kidogo ya mstari uliovunjwa, na mara kadhaa nilitolewa sokoni kisha bei ikashuka bila mimi. Ilinichukua muda kuelewa kosa langu. Mstari wa chini haukomi kupanda baada ya kuvunjwa: katika mfano wetu unaongezeka pipsi 3, yaani 0.0003, kila mshumaa, kwa hiyo kwenye mshumaa wa 34 umeshafika 1.0902. Bei ikirudi kuugusa kwa chini, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, aliyeweka kikomo kwenye 1.0898 ameshatolewa ingawa kabari haijakanushwa na chochote. Kinachoikanusha ni bei kupita 1.0912, kwa sababu hapo wanunuzi wameweka kilele kipya na ule uchovu tuliodhani tunauona haupo. Bei ikifunga tena ndani ya kabari, hilo ni onyo la kupunguza. Bado si ubatilisho.

Kikomo nakiweka 1.0917, si 1.0912 kamili. Biashara ya kuuza hufungwa kwa bei ya kununulia, ilhali chati ya programu ya MetaTrader kwa kawaida huonyesha bei ya kuuzia, na tofauti ya bei hizo mbili inaweza kukutoa hata kama mshumaa haukukigusa kilele. Umbali kutoka 1.0880 tulipouza ni pipsi 37. Mwenye akaunti ya dola 500 anayekubali kupoteza asilimia 1, yaani dola 5, atatumia loti 0.01, loti ikiwa kipimo cha ukubwa wa biashara, ambapo pipsi moja ni senti 10 za dola na hasara yote ni dola 3.70. Loti 0.02 zingempeleka dola 7.40. Kikomo ndicho kinachoamua ukubwa wa biashara, na asiyeweza kuvumilia pipsi 37 asikisogeze karibu bali aiache biashara hiyo.

Msichanganye pia 1.0912 na 1.1000. Ya kwanza ikipitwa, kabari imekufa lakini mteremko mkubwa bado unaweza kuwa hai. Ya pili ikipitwa, hata ule mwelekeo wa nyuma tuliousoma hauna tena msingi.

Upo na ubatilisho wa muda, ambao wengi huusahau. Mistari yetu ingekutana karibu na mshumaa wa 47, na bei ikijikokota ndani ya kabari hadi huko bila kuvunja popote, mimi huifuta michoro yote na kuanza kuisoma chati upya.