Kuchambua pesa zilizoingia kwenye akaunti kabla ya kujaza ritani ya ushuru: kwa wanaoanza kazi hii nchini Kenya

Wengi wa wateja watakaokujia mwezi wa Juni ni watu waliojiajiri: mafundi, wachuuzi, wenye vibanda na wasusi. Hawana vitabu vya hesabu, na watakachokuletea ni taarifa ya akaunti ya benki, au stetimenti kama wanavyoiita, pamoja na ya M-Pesa, wakitarajia kwamba jumla ya pesa zilizoingia ndiyo mapato ya biashara. Jumla hiyo karibu kila mara si mapato, na kazi yako kubwa ni kuonyesha, kwa ushahidi, ni kiasi gani kati yake kilichotokana na biashara.

Anza kwa kujua Mamlaka ya Ushuru nchini Kenya (KRA) inavyozisoma taarifa hizo. Afisa anayechunguza akaunti hujumlisha pesa zote zilizoingia, huondoa zile ambazo mlipa ushuru amethibitisha kuwa si mapato, na zinazobaki huzihesabu kuwa mauzo. Chini ya kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, ni mlipa ushuru anayepaswa kuthibitisha kwamba makadirio ya KRA si sahihi. Kwa hiyo nawe uchukulie kila shilingi iliyoingia kuwa ni ya biashara mpaka pale karatasi itakapoonyesha vinginevyo. Nilipoanza nilifanya kinyume chake: nilikaa na mteja, nikamuuliza hii ni ya nani na ile ni ya nini, nikaondoa kila alichokiita cha nyumbani. Makadirio yalipokuja mwaka uliofuata, tulikuwa na siku 30 za kuwasilisha pingamizi, na sehemu kubwa ya maelezo yake haikuwa na hata risiti moja ya kuyaunga mkono.

Nitaeleza utaratibu kwa mfano wa fundi wa samani mmoja wa Nakuru, nikitumia mwaka wa mapato wa 2024. Kwanza tulichukua taarifa kamili za Januari 1 hadi Desemba 31 za akaunti zake zote, yaani ya benki na ya M-Pesa. Akaunti moja ikikosekana, hutaweza kujua pesa zilizoingia kwenye nyingine zilitoka wapi. Benki ilionyesha shilingi 1,164,000 zilizoingia, na safu ya `Paid In` ya M-Pesa ikaonyesha 712,000. Jumla ilikuwa 1,876,000.

Hatua ya pili, ambayo hupunguza jumla kwa kiasi kikubwa, ni kuondoa pesa zilizohesabiwa mara mbili. Wateja wake hulipa kwa M-Pesa, naye kila Ijumaa huzihamishia benki, kwa hiyo meza moja iliyouzwa kwa 15,000 inaonekana kuwa mauzo ya 30,000. Pitia safu ya `Withdrawn` ya M-Pesa mstari kwa mstari, utafute kiasi hicho hicho kwenye benki siku ile ile au siku inayofuata. Mara nyingi maelezo ya benki hubeba pia msimbo wa muamala wa M-Pesa, na huo ndio uthibitisho bora. Zilizotoka M-Pesa kwenda benki zilikuwa 396,000, na zilizorudi kutoka benki kwenda M-Pesa zilikuwa 84,000. Usiondoe uhamisho ambao hujauona pande zote mbili, hata kama mteja anaapa kwamba upo.

Baada ya hapo tuliweka herufi moja mbele ya kila mstari kwenye jedwali: B kwa biashara, H kwa uhamisho, N kwa pesa zisizo za mapato, na S kwa zile tusizozijua bado. Ikiwa kiasi kiko safu ya D na herufi iko safu ya E, jumla ya biashara hupatikana hivi:

```
=SUMIF(E:E,"B",D:D)
```

Kwenye N tuliweka mkopo wa Sacco wa 250,000, ukiambatanishwa na barua ya kuidhinishwa kwake. Kumbuka kwamba ukishauondoa mkopo kwenye mapato, huwezi kuyaweka marejesho yake kwenye gharama, isipokuwa riba tu, na riba yenyewe iwe ya mkopo uliotumika katika biashara. Zamu yake ya chama ilikuwa 120,000, nasi tuliithibitisha kwa daftari la chama na kwa michango yake ya kila mwezi iliyoonekana ikitoka kwenye akaunti ile ile. Muuza mbao alimrudishia 18,000 kwa mbao zilizokuwa na kasoro. Hizo si mauzo, lakini hazipotei, kwa sababu zinapunguza gharama ya mbao.

Pesa za jamaa ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kaka yake alituma 80,000 za matibabu ya mama yao, na risiti za hospitali za wiki ile ile zilikuwepo. Wifi yake, hata hivyo, alituma 35,000 kwa mkupuo mmoja, na fundi alitaka ziondolewe zote kwa kuwa ni za familia. Tulipofungua daftari la oda tulikuta kwamba wifi huyo alikuwa ametengenezewa viti vya 20,000. Undugu haufuti mauzo. Tuliugawa mstari huo mara mbili, 20,000 zikabaki B, na 15,000 zilizokuwa karo ya mtoto zikaenda N pamoja na risiti ya shule.

Vilivyoondolewa vilifika 963,000, zikabaki 913,000. Taarifa ya akaunti, hata hivyo, haiwezi kukuonyesha pesa taslimu ambazo hazikupita benki wala M-Pesa. Kitabu chake cha risiti kilikuwa na mauzo ya namna hiyo ya 42,000, nasi tukayaongeza, ingawa hakuna mtu angeyaona kwenye akaunti. Mauzo halisi yakawa 955,000.

Tazama tofauti iliyopo. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo yanayozidi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3 bila kuondoa gharama yoyote, na hulipa kila mwezi, si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Jumla ile ya mwanzo ingemwingiza humo kwa 56,280. Kwa 955,000 alibaki kwenye kodi ya mapato ya kawaida. Gharama zake zenye ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, zilikuwa 589,000, na baada ya kutoa zile 18,000 zikawa 571,000. Faida ilikuwa 384,000: asilimia 10 ya 288,000 za kwanza ni 28,800, na asilimia 25 ya 96,000 zilizobaki ni 24,000. Nafuu ya mtu binafsi ya 28,800 ikaondolewa, akalipa 24,000.

Kama uchambuzi ungetoa mauzo ya 1,040,000, ingekuwa wajibu wetu kumweleza kwamba ameingia kwenye kodi ya mauzo, na si kutafuta mistari zaidi ya kuondoa. Mistari yenye S ambayo haikupata karatasi hadi siku ya kuwasilisha huhamia B. Kwake ilikuwa miwili, yenye jumla ya 11,000, nayo imo ndani ya zile 913,000.

Jedwali lenye herufi, taarifa za akaunti na viambatisho vyote tuliviweka kwenye faili moja ili vihifadhiwe kwa miaka 5 inayotakiwa na sheria. Kwa kuwa amebakiza 45,000 tu kufikia milioni moja, mwaka uliofuata tulianza kuchambua kila mwisho wa mwezi, naye akafungua akaunti ya pili kwa ajili ya chama na mambo ya nyumbani.