Ndefu, ndimi na ndogo: d hizi ni moja au ni tatu?

SWALI: Nimesoma kwamba katika Kijerumani maneno Rad na Rat hutamkwa sawa, ingawa "kwa ndani" moja linaishia na d na jingine na t. Sauti isiyosikika tunajuaje kwamba ipo? Na je, Kiswahili kina jambo kama hilo?

JIBU: Tunaijua kwa kulitazama neno hilohilo katika umbo lake jingine. Rad (gurudumu) na Rat (shauri) yote mawili huishia na t mdomoni mwa Mjerumani, lakini kikifuata kiambishi chenye irabu tunasikia Rades kwa d na Rates kwa t. Kama Rad lingekuwa na t tangu mwanzo, d ya Rades isingekuwa na chanzo. Ndiyo maana wanaisimu huiweka d katika umbo la ndani na kusema kwamba mwishoni mwa neno hupoteza ughuna wake, yaani mtetemo wa nyuzi za sauti.

Mahali hapo ni dhaifu kwa sababu mbili. Ulimi unapoziba njia ili kutamka d, hewa hujaa nyuma ya kizuizi na mtetemo wa nyuzi za sauti hufifia. Tena hakuna irabu inayofuata ya kumsaidia msikilizaji kuitambua sauti hiyo. Huo, hata hivyo, ni mwelekeo tu, wala si sheria ya maumbile, kwani Kiingereza huihifadhi tofauti hiyohiyo mwishoni mwa maneno.

Maneno ya asili ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo jambo hili tulitafute kwingine, yaani baada ya nazali n. Tunasema kirefu lakini nyumba ndefu, ulimi lakini ndimi, kidogo na nyumba ndogo. Sauti tatu zinazotofautiana vizuri kati ya irabu, yaani r, l na d, zote hutokea kuwa d zikitanguliwa na n. Sababu yake ni ya kimatamshi: wakati wa n ulimi umekwisha kuziba njia ya kinywa, na njia ya pua ikifungwa kabla ulimi haujaachia, kinachosikika ni d. Mrefu haliguswi, kwa kuwa m yake imetokana na mu-, na irabu hiyo iliyodondoka ndiyo iliyokuwa ikizitenganisha sauti hizo mbili.

Ugumu huanza pale neno lisipokuwa na umbo jingine la kulilinganisha nalo. Katika ndovu, kwa mfano, sioni ushahidi wowote ndani ya Kiswahili cha leo wa kuamua kama chini ya d hiyo kuna d, l au r. Kwa hali kama hiyo mwanaisimu Nikolai Trubetskoy alipendekeza arkifonimu, yaani kipashio chenye sifa zile tu ambazo sauti zilizopoteza tofauti zao zinachangia, bila kulazimika kuchagua mojawapo. Kwa ndefu na ndimi sioni haja ya kwenda huko, maana kirefu na ulimi vimekwisha kutoa jibu.