Kadi ilikatwa usiku kupitia akaunti ya gemu

"Akaunti ya gemu imedukuliwa, kadi imekatwa mara tatu usiku. Nianzie wapi?"

Pole sana ndugu. Badilisha nywila kwanza, toa vifaa vyote usivyovijua, kisha uondoe kadi. Barua pepe usifute hata moja.

Mimi hapa Kisumu nilikatwa shilingi 1,300 mara tatu. Kilichoniokoa ni saa. Barua ya "kifaa kipya kimeingia" ilionyesha 23:52 UTC, taarifa ya benki 2:55 usiku wa manane. Benki wakaona hazilingani. Ongeza saa tatu kwenye UTC upate saa ya Kenya: ni 2:52, dakika tatu tu kabla ya pesa kutoka. Niliandika saa zote mbili kando ya kila muamala, pamoja na namba ya oda, ile inayoanza na GPA kwenye risiti ya Google Play.

Google Play hupokea malalamiko ya malipo usiyoidhinisha ndani ya siku 120 tangu muamala, lakini benki ijulishe leo leo wafunge kadi. Ombi la kurudishiwa lipeleke dukani kwanza; benki ikivuta pesa kwa nguvu, akaunti ya gemu yaweza kufungwa. Wakikataa, jibu lao la maandishi liambatanishe kwenye fomu ya benki.